Maswali ya mawimbi: hesabu nafasi, usihesabu vilele

Kama unajiandaa na fizikia ya form four, au we ni mzazi unakaa na mwanao jioni kumsaidia, naomba tuongelee maswali ya mawimbi. Nimefundisha tuisheni hapa Dar miaka kadhaa na karibu kila mwaka naona kitu kilekile: mtoto fomula anaijua, v = fλ anaiandika hata ukimwamsha usiku wa manane, alafu jibu linatoka sio. Ukifuatilia unakuta kwenye kuzidisha hajakosea, kakosea kabla ya hapo, pale alipokuwa anachukua namba toka kwenye graf au toka kwenye maelezo ya mwangwi. Mi mwenyewe nilipoteza maksi hapohapo kwenye mock, niliona vilele vitatu nikaandika mawimbi matatu, na nakumbuka nilivyoumia maana fomula nilikuwa naijua.

Nilichokuja kuona kinawasaidia wanafunzi ni kupima wenyewe kwa makofi. Mwaka jana nilienda na madogo sita kwenye godauni moja lenye ukuta mrefu usio na kitu mbele yake. Unapiga kofi, sauti inaenda ukutani inarudi, na we unajaribu kupiga kofi linalofuata palepale mwangwi wa lile la kwanza unapofika. Ukipatia unajua, kwa sababu mwangwi unapotea kabisa, unafunikwa na kofi lako. Tulianzia mita 40 ikashindikana, maana hapo mwangwi unarudi kwa chini ya robo sekunde na hakuna mkono unaoweza kufuata mwendo huo ukawa sawasawa. Tukarudi nyuma mpaka mita 85, tulipima kwa tepu ya fundi ya mita 50 kwa hiyo ni 50 kisha 35, na hapo makofi yakawa kama mawili kwa sekunde, mkono unayaweza.

Dogo mmoja akapiga, mwingine akashika saa. Mwenye saa alibonyeza kwenye kofi la kwanza akahesabu "moja", akasimamisha kwenye "ishirini", saa ikasoma sekunde 9.3. Wakagawa kwa 20 wakapata 0.465. Sauti imeenda mita 85 na kurudi 85, jumla 170, kwa hiyo 170 gawa kwa 0.465 ni kama 366 m/s.

Sasa hiyo 366 ni kubwa mno. Kwenye hewa ya nyuzi 0 sauti inaenda kama 331 m/s, na kila nyuzi moja ya joto inaongeza kama 0.6, kwa hiyo ili ifike 366 hewa ingebidi iwe na nyuzi karibu 60 na pale tulikuwa kwenye kama 30 hivi. Nikawaambia tafuteni wapi, sikuwaonyesha. Aliyegundua ni binti mmoja mkimya, alichora makofi chini kwenye vumbi kama vijiti, akaweka kidole katikati ya kijiti na kijiti, akahesabu, akasema "ticha, makofi ni ishirini ila katikati yake ni kumi na tisa."

Ndo hapo. Saa inapima nafasi kati ya kofi na kofi, haipimi makofi. Wakarudia, safari hii kofi la kwanza wakaliita "sifuri", wakasimamisha kwenye "ishirini", wakapata sekunde 9.8. Kila nafasi ni 0.49, na 170 gawa kwa 0.49 ni 347 m/s. Kwa joto lile ndo penyewe. Mmoja wao alikuwa ametumia 85 badala ya 170 akapata 173, karibu nusu kamili ya kinachotakiwa, na hiyo ndo alama ya kujua umesahau safari ya kurudi: ukitafuta kasi inatoka nusu, ukitafuta umbali wa ukuta unatoka mara mbili ya ulivyo.

Tuliporudi kwenye daftari na graf ya mhamo, yaani ile inayoonyesha chembe imesogea kiasi gani toka mstari wa katikati, kosa lilikuwa lilelile. Chukua wimbi kwenye kamba, mstari wa chini umeandikwa muda kwa milisekunde, vilele viko kwenye 5, 25 na 45. Vilele ni vitatu ila nafasi ni mbili. Kutoka 5 mpaka 45 ni 40, gawa kwa 2 ni milisekunde 20, yaani sekunde 0.02, na frikwensi ni 1 gawa kwa 0.02 ambayo ni 50 Hz. Aliyegawa kwa 3 anapata 75 Hz na hatajua kama kakosea. Mwingine anapima toka kilele mpaka bonde linalofuata akidhani limeisha, kumbe hiyo ni nusu ya wimbi, anapata 100 Hz.

Ila kabla ya kupima chochote soma maneno ya mstari wa chini, hili nasisitiza sana. Wimbi hilohilo wanaweza kukupa graf nyingine, umbo lilelile kabisa, ila chini wameandika umbali kwa sentimita na vilele viko kwenye 10, 50 na 90. Sasa nafasi mbili ni sentimita 80, moja ni 40, na hiyo ni urefu wa wimbi, mita 0.4, sio muda. Mi naelezea hivi: graf ya muda ni kama umefunga kitambaa kwenye kamba unakiangalia hichohicho kinapanda na kushuka, graf ya umbali ni kama umepiga picha kamba nzima kwa mara moja. Ya kwanza inakupa frikwensi, ya pili inakupa urefu wa wimbi, na moja peke yake haikupi kasi mpaka swali likuongezee kitu. Ukiwa nazo zote mbili, 50 mara 0.4 ni 20 m/s.

Kimo cha wimbi kinapimwa toka mstari wa katikati, kama juu ni 3 na chini ni -3 jibu ni 3, wengi wanaandika 6.

Alafu kuna swali wanalopenda kuchanganya: filimbi ya 680 Hz inapulizwa mbele ya jabali, mwangwi unarudi baada ya sekunde 1.5, kasi ya sauti 340 m/s, tafuta umbali wa jabali na urefu wa wimbi. Watoto wanaona 680 wanataka kuiingiza kwenye umbali. Umbali hauihitaji, filimbi nzito au nyembamba zinarudi kwa muda uleule. Sauti imetembea 340 mara 1.5, mita 510, jabali liko mita 255. Ile 680 ni ya sehemu ya pili tu, 340 gawa kwa 680, mita 0.5, na hapo hugawi kwa mbili tena, kwa sababu urefu wa wimbi haujui habari za kwenda na kurudi.