Maswali na majibu: Kiti kilipovunjika chini ya mwenyekiti

"Kikao cha harusi. Mwenyekiti alisimama kuwasema wasiomaliza michango. Alipoketi, mguu wa kiti cha plastiki ukapinda, akaenda chini. Kimya. Kisha akanyanyua chupa ya soda, haijamwagika, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Je, sisi ni watu wabaya?" (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Ila umetaja mambo mawili ambayo wengi huyaruka wanaponiandikia kuhusu kicheko: aliyeanguka alikuwa nani, na kile kimya kabla ya kicheko. Naanza na aliyeanguka.

Nadharia kongwe kuliko zote inasema tunacheka kwa kujiona bora. Plato aliigusa, lakini aliyeipa sura tunayoijua ni Mwingereza Thomas Hobbes katika karne ya 17. Kwake, kicheko ni fahari ya ghafla inayomjaa mtu anapoona kasoro ya mwenzake na kujilinganisha naye. Kikao chenu kinaingia humo vizuri sana. Dakika moja kabla, mwenyekiti alikuwa juu yenu, amesimama na daftari la michango, na nadhani wengi mlikuwa mnaangalia sakafu kwa sababu ahadi zenu hazijakamilika. Kiti kikapinda, aliyekuwa juu akawa chini.

Sasa badilisha mtu mmoja tu. Badala ya mwenyekiti, muweke mama aliyepika tangu alfajiri, ameketi kupumzika kidogo, kiti kikavunjika. Kiti ni kilekile na sakafu ni ileile, lakini kicheko kingekuwa cha wachache na wengi mngekimbia kumwinua. Kilichobadilika ni cheo cha aliyeanguka. Kati ya nadharia tatu tunazozungumzia leo, hii ndiyo inayoanzia kwenye cheo, na kwa hilo naiheshimu.

Kasoro yake aliionyesha Francis Hutcheson katika karne ya 18. Kama kujiona bora kungetosha, tungekuwa tunacheka kila tunapokutana na mgonjwa au mtu aliyefilisika. Hatucheki, tunasikitika. Kwa hiyo cheo cha mwenyekiti kiliongeza sauti ya kicheko chenu, lakini hakikukianzisha.

Na nyinyi mnaomtaja Hobbes kama kibali cha kuwacheka watu, msomeni hadi mwisho wa aya. Anasema kucheka sana kasoro za wengine ni dalili ya unyonge, kwamba anayefanya hivyo anatafuta namna ya kujipenda mwenyewe, na kwamba watu wenye nafsi kubwa huwasaidia wengine waepukane na dharau. Hakuwa akisifia.

"Nadharia ipi ni ya kweli? Jibu kwa neno moja tafadhali." (Wasomaji kadhaa)

Hakuna neno hilo. Mnaniuliza kila mara, na kila mara najibu kwamba nadharia hizi hazijibu swali moja. Ya kwanza inaangalia nani anamcheka nani, ya pili inaangalia kinachotokea ndani ya anayecheka, ya tatu inatafuta masharti ya jambo kuchekesha. Chukueni tukio moja mlipitishe kwenye zote tatu, kisha mtazame kila moja inakwama wapi.

"Nilikuwepo kwenye kikao hicho. Yule ni mjomba wangu na ana umri mkubwa, moyo ulinipasuka alipoanguka. Halafu nikacheka kuliko wote, hadi machozi. Nimekosa utu?" (Msomaji, Morogoro)

Hujakosa. Wewe ndiye mfano mzuri wa nadharia ya ahueni.

Herbert Spencer aliandika mwaka 1860 kwamba hisia kali huuandaa mwili kutenda. Ukiona mjomba anadondoka, misuli inakaza, pumzi inazuiwa, uko tayari kuruka. Ghafla jambo kubwa linageuka kuwa dogo: ameketi sakafuni, soda mkononi, mzima. Nguvu iliyokusanywa haina tena kazi, ikatafuta njia rahisi ya kutokea, yaani misuli ya mdomo na ya kupumua, kama mvuke unavyosukuma kifuniko cha birika. Sigmund Freud naye, mwaka 1905, alisema ucheshi wa namna hii hutokana na huruma iliyookolewa: ulikuwa umejiandaa kusikitika, ukakuta msikitiko hauhitajiki.

Kuna jaribio linalokuhusu moja kwa moja. Mwaka 1968 Arthur Shurcliff aliwaambia watu kwamba watashughulika na panya wa maabara. Wengine walitakiwa wamshike tu, wengine wamtoe damu kidogo, wengine damu nyingi zaidi. Walipofika kwenye panya mwenyewe, wakakuta ni mwanasesere wa mpira. Waliokuwa wameandaliwa kwa kazi ya kutisha zaidi ndio walioona jambo hilo linachekesha zaidi. Wewe uliogopa kuliko wenzako ukacheka kuliko wenzako. Ni mfuatano uleule.

Lakini usiibebe nadharia hii mbali sana. Mwilini hakuna tangi la nguvu za hisia linalojaa na kumwagwa. Hiyo ilikuwa fiziolojia ya zama za Spencer. Pia ahueni nyingi hazina kicheko. Mtu akipewa majibu mazuri ya vipimo hospitalini hushusha pumzi, huenda akalia, akashukuru. Na watoto waliokuwa mlangoni, ambao hawakuwa na muda wa kuogopa lolote, bila shaka nao walicheka. Ahueni inaeleza vizuri kwa nini chako kilikuwa kikubwa. Chao haikielezi.

Nikuombe jambo ambalo hukuuliza. Mzee akianguka, msimvute mikono kumsimamisha, hata kama anacheka. Muulizeni anaumia wapi, mumwache asogeze miguu mwenyewe. Mguu mmoja ukionekana mfupi au umegeukia nje, asinyanyuliwe mpaka apate msaada wa kitabibu, kwa sababu huenda nyonga imevunjika. Na viti vya plastiki vilivyokaa juani miaka mingi hukauka na kupasuka bila onyo. Pindueni muangalie nyufa kwenye maungio ya miguu kabla ya kumketisha mtu.

"Mke wa mwenyekiti peke yake hakucheka. Hajui utani?" (Msomaji, hakutaja alipo)

Huenda anajua jambo la mgongo wake usilolijua wewe. Nafafanua kwenye jibu linalofuata.

"Mimi ndiye niliyerekodi. Nilikata sekunde chache za kuanguka nikaweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ukumbini alicheka mwenyewe, sasa hataki hata salamu yangu. Si ilikuwa utani tu?" (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapa ndipo inapoingia nadharia ya tatu, ya ukiukaji usio na madhara. Mwanaisimu Thomas Veatch mwaka 1998, kisha watafiti Peter McGraw na Caleb Warren mwaka 2010, walieleza kicheko kwa masharti matatu. Kwanza, kuna jambo limekiuka mpangilio tunaoutarajia. Pili, ukiukaji huo unaonekana hauna madhara. Tatu, mtu anayaona yote mawili kwa wakati mmoja. Kikikosekana kimojawapo, hakuna kicheko.

Rudi ukumbini. Mwenyekiti anaanguka: heshima yake imevunjwa na mwili wake uko hatarini. Hilo ni sharti la kwanza peke yake, ndiyo maana kulikuwa na kimya. Hakuna aliyejua kama nyonga iko salama. Kisha akanyanyua soda. Ile chupa ilisema mambo mawili kwa pamoja, kwamba sijaumia na kwamba aibu hii nimeikubali. Sharti la pili likatimia huku la kwanza bado liko mbele ya macho, mzee na suti yake sakafuni. Hapo ndipo mlipocheka, si kabla. Nadharia ya kujiona bora haiwezi kukieleza kile kimya, kwa sababu mwenyekiti alikuwa chini yenu tangu alipogusa sakafu. Wala haielezi vizuri kwa nini yeye mwenyewe alicheka. Hobbes alikubali kwamba mtu hucheka upumbavu wake wa zamani akiukumbuka ghafla, mradi haumletei aibu ya sasa. Mzee alicheka akiwa bado sakafuni.

Sasa tazama ulichofanya. Ulikata ile chupa. Umewapa watu kuanguka bila ishara ya usalama, na bila ridhaa yake. Binamu aliyeko mbali atacheka, kwa sababu umbali nao hufanya jambo lionekane halina madhara. Mwenye kuanguka hana umbali huo. Yeye anaona heshima yake mbele ya wakwe na watoto wa ndugu, tena na tena kila mtu anapobonyeza. Mke wake hali ni hiyohiyo: akijua mgongo una tatizo, alichoona yeye ni hatari tu. Usalama haumo ndani ya tukio. Umo katika jicho la kila anayetazama, na anayecheka hana mamlaka ya kuutangaza kwa niaba ya aliyeanguka.

Ndiyo maana "utani tu" ni jibu bovu, na nitaendelea kulikataa. Utani wenyewe, ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, una mipaka inayojulikana pande zote mbili: nani ni mtani wa nani, na kwamba atakayetaniwa leo kesho atatania. Mtani anaweza kusema msibani maneno ambayo mwingine angefukuzwa nayo, na yakachekesha, kwa sababu uhusiano wenyewe umeyafanya yasidhuru. Wewe kwa mzee huyo si mtani, ni mtoto wa ndugu mwenye simu. Futa video, waombe wenzako wafute, kisha nenda kwake kwa miguu yako ukaombe radhi. Usitume ujumbe.

"Basi hiyo nadharia ya tatu ndiyo imeshinda?" (Msomaji, Mombasa)

Inaongoza, haijashinda. Udhaifu wake ni upana. Ukitafuta baada ya tukio, karibu kila kitu kina ukiukaji fulani, kwa hiyo ni rahisi kuithibitisha na ni vigumu kuikanusha. Na kuna mambo yanayotimiza masharti yote bila kuchekesha. Anayekula pilipili kali anasikia mwili unapiga kelele za hatari huku akijua yuko salama, na anaendelea kula bila kucheka. Nadharia inayotaka kueleza kicheko lazima iseme pilipili inakosa nini, na hii haijasema vya kutosha.

"Mwaka wa kwanza tulilisimulia tukio lile kila tulipokutana. Sasa tukilisimulia watu wanatabasamu tu. Kwa nini?" (Msomaji, Morogoro)

Kwa sababu lilikuwa dogo. Mwaka 2012 McGraw na wenzake walionyesha kwamba muda hufanya kazi pande mbili. Kugongwa na gari huchekesha zaidi kukiwa kwa miaka 5 iliyopita kuliko kwa jana, lakini kujikwaa kidole huchekesha zaidi kukiwa kwa jana. Jambo zito linahitaji umbali ili lionekane salama. Jambo jepesi likienda mbali linapoteza hata ule ukiukaji. Mzee angevunjika nyonga, mngekuwa hamjaanza kulicheka hata sasa.

"Maneno ya Hobbes kuhusu fahari ya ghafla yako wapi?" (Mwanafunzi, Dodoma)

*Leviathan*, 1651, sehemu ya kwanza, sura ya 6. Hayo ya kucheka upumbavu wako wa zamani yako katika *Human Nature*, sura ya 9.