Ukuta wa tangi la maji: anza kupima x juu, siyo chini

Chukua tangi la zege la kuhifadhi maji shambani, huko Machame juu ya Moshi. Ukuta una kimo L cha m 2 na unene wa mm 200, juu uko wazi, chini umeshikwa na msingi. Hiyo ni kantiliva iliyosimama wima, na tunatafuta ncha yake ya juu inasogea kiasi gani maji yakiusukuma ukuta. Msukumo wa maji ni sifuri juu kabisa na unaongezeka hadi chini, kwa hiyo mzigo wake ni pembetatu. Kwa kipande cha ukuta chenye upana wa m 1, tangi likijaa, mzigo wa chini kabisa ni w0 = 9.81 × 2 = 19.62 kN/m.

Ushauri wangu wa kwanza ni kuweka x = 0 kwenye ncha huru. Ukianzia chini, mzigo unakuwa w0(1 − x/L) na hesabu inarefuka bure. Ukianzia juu, mzigo katika kina x ni w0x/L, jumla yake ni w0x²/2L, na umbali wa kitovu cha pembetatu hiyo kutoka kwenye mkato ni x/3. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: wanaandika 2x/3, na jibu lote linatoka maradufu. Kagua kwa kuweka x = L; momenti ya chini lazima iwe w0L²/6, yaani 13.08 kNm.

Tukihesabu msogeo y kuelekea nje ya tangi:

```
EI y'' = w0 x³/(6L)
EI y'  = w0 x⁴/(24L) + C1
EI y   = w0 x⁵/(120L) + C1 x + C2
```

Masharti yote mawili yako chini, x = L, ambako y' = 0 na y = 0. Usiyapeleke x = 0 kwa mazoea; hapo C2 itakuwa sifuri, na utakuwa umesema ncha huru haisogei. Tunapata C1 = −w0L³/24 na C2 = w0L⁴/30, hivyo juu ya ukuta y = w0L⁴/(30EI).

Kwa E = 25,000 N/mm² na I = 1000 × 200³/12 = 6.67 × 10⁸ mm⁴, jibu ni mm 0.63. Tumia N na mm mwanzo hadi mwisho, 19.62 kN/m ni 19.62 N/mm, haibadiliki.

Uhakiki mzuri: pembetatu iliyogeuzwa, yenye mzigo mkubwa kwenye ncha huru, hutoa 11w0L⁴/(120EI). Zijumlishe, utapata w0L⁴/(8EI) ya mzigo ulio sawa kimo chote.

Lakini mm 0.63 ni ya zege lisilopasuka, katikati ya ukuta mrefu, mbali na kona. Mvutano pale chini ni karibu 2 N/mm², jirani na kikomo cha zege la kawaida. Likipasuka, I inashuka na ukuta unasogea zaidi. Na msingi ukizunguka radiani 0.001 tu kwa sababu ya udongo laini, ncha ya juu inasogea mm 2, zaidi ya mara tatu ya kile ulichokokotoa.