Mwalimu mwenzangu na pipi za mnanaa

*Shikamoo Shangazi. Ninafundisha shule ya msingi mjini Morogoro. Mwalimu ninayekaa naye meza moja, mwanamke mwenzangu, amenizidi miaka 12, na ndiye aliyenipokea nilipohamishiwa hapa. Tangu muhula huu uanze, kinywa chake kinatoa harufu kali. Wenzetu humwekea pipi za mnanaa mezani, naye hushukuru na kutugawia sote. Watoto wakimpelekea madaftari husimama mbali. Sasa walimu wananituma mimi nimwambie, nami naogopa kumvunjia heshima. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Umeandika kwamba harufu ilianza muhula huu, na hapo ndipo ningependa uanzie. Mtu aliyekaa nawe muda wote huo bila kunuka hakuacha ghafla kupiga mswaki. Yaelekea kuna kitu kimebadilika kinywani mwake: jino limetoboka, ufizi umevimba, au ameanza dawa inayokausha mate, kama zilivyo baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Wenzenu wanamhukumu kwa uchafu, na huenda aliyekaa mbele yao ni mgonjwa.

Yeye mwenyewe hajui, wala msimlaumu kwa hilo, kwa sababu pua huzoea harufu iliyo nayo wakati wote hadi ikaacha kuihisi. Ndiyo maana pipi zenu hazikumfikishia ujumbe wowote. Amezipokea kama ukarimu na kuwagawia, jambo ambalo linaniuma kila ninapolisoma tena. Isitoshe, mnanaa hufunika harufu kwa dakika chache tu, na sukari iliyomo huwalisha bakteria wanaotoboa meno.

Mwambie wewe, kwa kuwa ni mwanamke mwenzake na mnapendana, lakini usiende kama mjumbe wa ofisi ya walimu. Mimi niliwahi kuambiwa jambo la namna hii na jirani yangu, nikiwa kijana. Maneno yake niliyapokea vizuri mpaka alipoongeza kwamba mtaa mzima umeshalizungumza. Kwa miezi kadhaa baadaye nilikuwa nikipita mtaani nikihesabu nyuso. Basi neno "watu wanasema" lisitoke kinywani mwako, hata akikuuliza nani mwingine ameona. Mjibu kwamba umekuja kusema uliyoyaona wewe.

Chagua saa ya kutoka kazini, mkiwa wawili njiani. Ukimwambia asubuhi, atalazimika kusimama mbele ya darasa siku nzima akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Sema kwa ufupi: "Dada, naomba uniwie radhi, nakuambia kwa sababu na mimi ningependa uniambie. Siku hizi nasikia harufu kinywani mwako ambayo zamani haikuwapo. Nimeogopa isije ikawa jino au fizi zinakusumbua." Kisha nyamaza. Akinyamaza naye, tembeeni kimya, akikasirika, usijitetee. Wala usiwe na mswaki mpya mkobani wa kumpa, kwa sababu zawadi hiyo itasema kwamba ulishaamua tatizo ni uvivu wa kujisafisha.

Akikuuliza afanye nini, uwe na la kumwambia. Mara nyingi harufu hii hutoka kinywani kwenyewe kuliko tumboni, na hasa nyuma ya ulimi, ambako bakteria huozesha mabaki ya chakula na kutoa gesi zenye salfa. Apige mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, asugue ulimi taratibu kutoka nyuma kuja mbele, apitishe uzi kati ya meno, na awe na chupa ya maji darasani, kwa kuwa mwalimu anayezungumza tangu asubuhi bila kunywa wala kula hukaukwa na kinywa. Fizi zikitoka damu, au jino likiuma, asisubiri. Aende kwa daktari wa meno, kwa sababu ukoga ukishakuwa mgumu mswaki hauwezi kuuondoa, na ni lazima usafishwe kwa vifaa vyake. Vivyo hivyo kama wiki mbili za usafi huo hazikuleta nafuu. Daktari wa meno asipoona kasoro, huenda chanzo ni mafindofindo au pua, na hapo ataelekezwa kwingine. Na kama anashuku dawa anayotumia, amweleze aliyemwandikia, asiiache mwenyewe.

Wenzako wakikuuliza ulichomwambia, waambie tu waache kuweka pipi mezani. Nawe kesho yake keti kwenye kiti chako kilekile, karibu naye kama kawaida, na usimuulize amefikia wapi mpaka aanze yeye.