Wadogo zangu, jedwali la picha mlijumlishe kwanza

Jana tena nimeona mdogo wangu wa fomu tatu anakokotoa varianzi kutoka picha ya simu, jumla ya chini imekatwa na hana habari! Nikasema leo naandika.

1. Kabla ya kitu chochote jumlisha f. Hili lilinitesa mimi mwenyewe. Nilipigiwa picha ya jedwali la maksi za wanafunzi 40, karatasi imekunjwa, nikasoma 40-49 watu 8, 50-59 watu 8, 60-69 watu 15, 70-79 watu 10, 80-89 watu 4. Nikatafuta wastani nikapata 63.17 na standadi divieshoni 12.04, nikawatumia wenzangu wote kwenye grupu na wakanakili hivyohivyo usiku kuamkia mtihani. Asubuhi mmoja akaniuliza, kaka, mbona f zako zinafika 45 na swali linasema 40? Nilinyong'onyea kweli. Ile 8 ya kwanza ilikuwa 3, kivuli cha mkunjo kilifunga upande wake. Iliniuma zaidi kwa sababu hesabu yenyewe ilikuwa safi, hakuna hatua niliyokosea, na watu kumi na kitu waliniamini. Zidio la 5 lilikuwa ni ile tofauti ya 8 na 3 kabisa, kujumlisha tu kungenionyesha.

2. Midpointi ya 40-49 ni (40+49)/2 = 44.5, siyo 45. Ukiweka 45, 55, 65 mpaka mwisho, wastani unapanda 0.5 lakini standadi divieshoni inabaki ileile, kwa hiyo usitegemee ikushtue.

3. Sasa tuifanye vizuri. Wastani wa kudhania A = 64.5, basi d, yaani midpointi toa A, ni -20, -10, 0, 10, 20. Ukizidisha kwa f (3, 8, 15, 10, 4) unapata -60, -80, 0, 100, 80, jumla 40. Wastani = 64.5 + 40/40 = 65.5. Halafu fd², yaani f mara d², inatoa 1200, 800, 0, 1000, 1600, jumla 4600. Varianzi = 4600/40 - 1² = 114, kipeuo chake cha pili, ndiyo standadi divieshoni, ni 10.68.

Hapo kwenye fd² ndipo yule mdogo wangu wa jana alipoanguka, alichukua fd nzima akaipandisha kipeo cha pili, -60 ikawa 3600, akaishia na 25.67 na akapigia mstari chini. Nikamwambia angalia midpointi zako, ya chini 44.5 ya juu 84.5, zimeachana 40, na standadi divieshoni haiwezi kuzidi nusu ya hapo, yaani 20. Alitazama karatasi kimya, akafuta, akaanza upya safu ya mwisho.