Vinavyoelea machoni: vya kuzoea, vya kukimbilia, na habari ya leza

Daktari, nina miaka 34. Tangu sekondari naona vijiuzi na vidoti vikicheza nikitazama ukuta mweupe au mawingu. Nikivifuata kwa jicho vinakimbia. Shangazi anasema ni mnyoo. Nifanye nini?

Mwambie shangazi kwamba mnyoo wa jicho yupo kweli, ila yeye hutambaa juu ya weupe wa jicho na aliyekaa mbele yako humwona. Vyako unaviona wewe peke yako, kwa sababu ni vivuli vilivyo ndani.

Nyuma ya lenzi, jicho limejaa ute mzito kama mililita 4 hivi. Karibu wote ni maji, lakini umeshikwa na nyuzi nyembamba mno za kolajeni. Kadiri miaka inavyokwenda, sehemu za ute huo hulegea na kuwa majimaji, na nyuzi zilizokuwa zimetandazwa hujikunja na kushikana. Mwanga ukipita, kila kifundo hutupa kivuli kwenye retina, ule utando wa ndani unaopokea picha. Ukigeuza jicho, ute hutikisika na kifundo husogea nao, ndiyo maana hukishiki kamwe. Kwenye mwanga mkali mboni hubana na vivuli hukolea, kisha jioni hufifia. Wenye miwani ya kuonea mbali huvipata mapema kuliko wenzao.

Kama ni vilevile tangu sekondari, kaa navyo. Sina tone la kukuandikia la kuviyeyusha, na anayekuuzia tone la namna hiyo anakuuzia maji.

Nina miaka 58. Juzi asubuhi niliamka na pete nyeusi inaelea jicho la kulia. Usiku nikigeuza jicho naona mmweko pembeni kama radi. Haliumi na nasoma vizuri. Nisubiri wiki moja nione?

Mama, usisubiri. Nenda leo, au kesho asubuhi, na useme mlangoni kwamba una kitu kipya kinachoelea pamoja na mimweko. Maneno hayo mawili yakisemwa pamoja hukupandisha kwenye foleni.

Ninavyodhani, ute wako umeachana na retina. Hilo huwapata watu wengi kati ya miaka 50 na 70, na mara nyingi halina madhara. Ute huwa umegandama kwa nguvu pale mshipa wa fahamu wa jicho unapoingia, na ukibanduka hapo huondoka na kipande cha umbo la duara. Hicho ndicho pete yako. Mmweko hutokea kwa sababu ute unavuta retina ukijaribu kuachia, nayo retina haijui kuhisi maumivu. Inachojua ni mwanga tu, kwa hiyo ikivutwa inakuletea mwanga. Usijifariji kwamba halikuumi.

Shida ni pale ute unapokataa kuachia. Sehemu ukishikilia sana, retina huchanika. Kati ya watu 100 wanaokuja na dalili kama zako, takriban 10 hadi 15 hukutwa na mchaniko. Waliobaki hawana kitu. Mpaka hapo hakuna namna ya kujua ukiwa nyumbani kwamba uko kundi gani, kwa kuwa wote huona pete ileile na mmweko uleule. Hata mimi sijui kabla sijaangalia.

Huko utawekewa matone ya kupanua mboni na kusubiri kama nusu saa. Kisha daktari atazungusha mwanga hadi ukingoni kabisa mwa retina, pengine akikandamiza kidogo ukope kwa nje ili kona za mbali zijitokeze. Atatafuta pia vumbi la kahawia nyuma ya lenzi, mfano wa unga wa tumbaku. Vumbi hilo hutoka chini ya retina, na likiwepo kwenye jicho lisilowahi kupasuliwa, mchaniko hutafutwa hadi uonekane. Ukipimwa bila mboni kupanuliwa, hujapimwa kwa ajili ya jambo hili. Usiendeshe gari kurudi nyumbani, maana utaona ukungu kwa saa kadhaa.

Ukikutwa salama, rudi tena baada ya wiki 4 hadi 6, kwa kuwa mchaniko huweza kuja ute ukimaliza kubanduka. Mimweko ikizidi kabla ya hapo, usingoje tarehe.

Mimi nina vinavyoelea miaka na miaka, daktari alishaniambia havina neno. Vikija vya hatari nitavitambuaje katikati ya msitu huu?

Swali lako linanikumbusha mzee mmoja wa miaka 61 ambaye mimi mwenyewe nilimwambia maneno hayohayo. Siku ya Alhamisi aliona vidoti vyeusi vingi vikimwagika kwa ghafla, kama mtu amepuliza masizi. Akasema moyoni, daktari alinihakikishia. Jumamosi kivuli kikaanza kupanda kutoka chini. Jumatatu alipofika, kivuli kilikuwa kimeshafunika katikati.

Masizi yale yalikuwa damu: retina ilipochanika, ilikata kamshipa. Kivuli kilitoka chini kwa sababu picha hufika kwenye retina ikiwa juu chini, kwa hiyo kilichobanduka kilikuwa sehemu ya juu. Maji yalipenya kwenye tundu na kuendelea kuibandua hadi ikafika kitovu cha kuonea. Tulimpasua na retina ikarudi mahali pake, lakini mpaka leo fremu ya mlango huiona imepinda. Angekuja Ijumaa, ingetosha kuziba tundu kwa leza akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Tangu hapo sisemi tena "havina neno" nikaishia hapo. Nasema: hivi ulivyo navyo leo havina neno.

Basi kigezo si wingi wala ukubwa, ni mabadiliko. Uzi mkubwa wa miaka kumi hauna haraka, ila vidoti vidogo vya jana vina haraka. Zoea kufumba jicho moja moja mbele ya ukuta mtupu, ukikodolea sehemu moja katikati, na uangalie kama pande zote nne zipo. Ukifungua yote mawili, jicho zima hufunika kasoro ya mwenzake na unaweza kupoteza robo ya picha bila kujua.

Masizi ya ghafla, mimweko mipya, pazia linalokuja kutoka upande wowote, au kuona kushuka, ni safari ya siku hiyohiyo. Ngazi ya hatari hupanda zaidi kama una miwani mikali ya kuonea mbali, kama umetolewa mtoto wa jicho, umepigwa jichoni, au ndugu wa damu aliwahi kubandukwa na retina. Mwenye kisukari akimwagikiwa na vidoti naye asikae, kwani mishipa yake huweza kuvuja damu yenyewe. Na vinavyoelea vikija pamoja na jicho jekundu, linalouma na kuogopa mwanga, huo huenda ni uvimbe wa ndani, ambao pia haungoji.

Mistari ya kumetameta yenye meno kama msumeno, inayotanuka kwa dakika 20 au 30 ikaonekana kwa macho yote mawili kisha ikaisha, kwa kawaida ni kipandauso. Hiyo ni habari nyingine.

Kaka yangu alipigwa leza jichoni siku ileile aliyokwenda. Mimi naambiwa leza ya vinavyoelea nifikirie kwanza. Mbona mnatuchanganya?

Ni leza mbili tofauti. Ya kaka yako ilichoma vidoti kuzunguka mchaniko ili retina ishikamane na ukuta wa jicho, na kovu hilo hukomaa kwa kama siku 10 hadi 14. Hiyo hatuna mjadala nayo, huokoa jicho. Ila haiondoi vinavyoelea: muulize, bado anaviona.

Ya pili inaitwa leza ya YAG. Hupiga pigo fupi mno kwenye kifundo chenyewe kikageuka kipovu cha gesi. Hiyo ndiyo ya kufikiria.

Nina miaka 29, nina nyuzi nyembamba nyingi, zinanikera nikiwa kwenye kompyuta. Kliniki moja inanipa leza vikao vitatu. Wakati huohuo baba, miaka 64, ana pete moja kubwa mwaka mzima sasa. Kuna anayefaa kati yetu?

Baba anaweza kufaa. Wewe hapana.

Leza ya YAG inataka shabaha. Daktari lazima akione kifundo wazi, kiwe mbali na lenzi kwa mbele na mbali na retina kwa nyuma. Pete ya ute uliobanduka mara nyingi hutimiza masharti hayo, maana inaelea katikati na ni nene. Nyuzi za kijana kwa kawaida ziko karibu sana na retina, ndiyo maana vivuli vyake ni vikali, na ni nyembamba kiasi kwamba daktari mara nyingi hazioni. Kuzifyatulia ni kurusha mshale gizani jirani na kitu usichoweza kukishona.

Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio dogo la haki kuhusu jambo hili. Macho 52 yenye pete yaligawanywa: 36 yalipigwa leza ya kweli kikao kimoja, 16 yalipigwa ya kuigiza. Baada ya miezi 6, 19 kati ya wale 36 walisema wamepata nafuu kubwa au wamepona, na wa kuigiza hata mmoja. Hiyo ni nafuu ya kweli, lakini tazama upande wa pili: karibu nusu hawakufika hapo, waliochaguliwa walikuwa wenye pete iliyokaa mahali pazuri, na watu 52 hawatoshi kutuonyesha madhara yanayotokea mara chache. Madhara hayo yapo: lenzi kupigwa na kuwa mtoto wa jicho, retina kuumia, presha ya jicho kupanda ikagoma kushuka.

Kwa baba, hatua ya kwanza ni kupima retina nzima. Ya pili ni kumuuliza, si pete inaonekana vipi, bali inamzuia nini. Kama anasoma ukurasa mzima na kuisahau, aachwe, kwani ubongo bado unajifunza kuipuuza na pete nayo huendelea kushuka chini. Kama kila mstari unafutwa, leza inazungumzika, kwa mtu aliyeambiwa kwamba huenda pete ikavunjika vipande badala ya kutoweka.

Upasuaji wa kutoa ute wote hufanya kazi kuliko leza. Bei yake ni kwamba mwenye umri wa baba ambaye bado ana lenzi yake ya asili kwa kawaida hupata mtoto wa jicho ndani ya miaka michache, na wachache hubandukwa retina. Nimewapeleka wagonjwa wachache sana huko, na kila mmoja nilimrudisha nyumbani akafikirie kwanza.

Wewe wa miaka 29, geuza skrini iwe na maandishi meupe kwenye weusi na upunguze mwanga wake. Kisha iulize kliniki ile swali moja: uzi upi hasa wataupiga, na uko umbali gani na retina?