Herufi za Sejong: mchoro wa mdomo

"Huyo mfalme wa Korea alibuni vipi herufi ambazo mtu wa kawaida angeweza kujifunza haraka?"

Mkuu, siri iko mdomoni. Sejong alikamilisha herufi zake 28 mwishoni mwa 1443, akazitangaza 1446. Kabla ya hapo Wakorea waliandika kwa herufi za Kichina, maelfu kwa maelfu, na mkulima hakuwa na muda wa kuzikariri.

Tamka "na" polepole: ncha ya ulimi inapanda kugusa ufizi wa juu. Uchore ulimi huo kwa upande, utapata ㄴ, yaani n. Ongeza mstari juu, inakuwa ㄷ (t), kwa kuwa ulimi uko palepale ila unabana zaidi. Ongeza mwingine, ㅌ, ni t yenye pumzi nyingi. Ukishika umbo moja, umeshika familia nzima, na hapo ndipo naona ubingwa wake.

Irabu zilijengwa kwa nukta, mstari wa kulala na mstari wa kusimama: mbingu, ardhi na mtu. Nukta ikikaa kulia kwa mstari uliosimama ni "a", leo ㅏ.

Herufi hazipangwi foleni kama zetu, hukusanywa silabi kwa silabi: ㅎ, ㅏ na ㄴ huwa 한, "han". Wanaoanza hukwama kwenye ㅇ. Mwanzoni mwa silabi haina sauti, mwishoni ni ng' ya ng'ombe. Kwa hiyo 앙 husomwa "ang'", ingawa ㅇ imo mara mbili.