Menyu ya mteja inatoka "ngâ€™ombe", na bango nalo lina makosa, nirekebishe vipi?

SWALI: Nadizaini menyu ya mgahawa na bango la duka lililopo pembeni yake, mteja ni mmoja. Maandishi kanitumia kwenye faili la CSV na mengine kwa meseji. Nikifungua naona "Supu ya ngâ€™ombe", kwingine "n'gombe", halafu "Samaki wakukanga", "Mayai yakuchemsha", "Chip's". Bango linasema "Tunauza jumla na leja leja" na "TAFADHARI LIPA KWANZA". Nianzie wapi nisije nikaharibu zaidi?

JIBU: Anzia kwenye hizo alama za ajabu ndugu yangu, maana hilo siyo kosa la mteja, faili limefunguliwa vibaya tu. Alama ya ritifaa iliyopinda (’) kwenye UTF-8 inahifadhiwa kwa baiti 3, sasa programu ikidhani faili ni la Windows-1252 inasoma kila baiti kama herufi yake peke yake ndo unapata â€™. Usikimbilie kufuta moja moja kwa mkono. Funga hilo faili bila kusevu, halafu kwenye Excel nenda Data, chagua From Text/CSV, na pale kwenye File Origin weka 65001: Unicode (UTF-8). Utaona "ng’ombe" imerudi yenyewe, na kama kulikuwa na alama nyingine zimevurugika nazo zinarudi kwa mpigo. Ukishasevu ile iliyoharibika juu ya faili lenyewe, basi ndo itabidi ufanye Replace, ila hiyo iwe njia ya mwisho.

Hapo umemaliza la kompyuta, sasa njoo kwa waandishi. Ritifaa kwenye ng'ombe siyo pambo wala siyo ya kutenganisha maneno, ni sehemu ya herufi yenyewe, inakaa baada ya g na kabla ya irabu. Kwa hiyo "n'gombe" ni kosa na "ngombe" ni kosa pia. Kupima ni rahisi, tamka neno kwa sauti: kwenye "unga" unaisikia g inagonga, kwenye "ng'ombe" haigongi, sauti inapita puani tu. Na hapa ndo watu wanaharibu kazi nzima, anaona "ngombe" mara kumi anaamua kubadilisha kila "ng" iwe "ng'" kwa mkupuo, akija kushtuka menyu ina vitung'uu, tang'awizi na machung'wa, na kwa kuwa alikuwa anamwangalia ng'ombe tu hayo mengine hayaoni mpaka yameshachapwa. Tafuta neno zima, siyo herufi. Kwenye menyu na mabango maneno yenye ng' ni machache mno: ng'ombe, kung'arisha, kung'oa, basi unaweza kuyapitia yote kwa macho.

Kuna na kosa lingine halionekani kirahisi kwenye skrini ila kwenye bango kubwa linajionyesha, ni alama zinazofanana na ritifaa lakini siyo yenyewe. Mtu anabonyeza kile kitufe cha pembeni ya namba 1 anapata kimkwaju kinacholalia upande mwingine, au aliandika ritifaa baada ya nafasi, programu ikaigeuza kuwa alama ya kufungua nukuu, baadaye akaifuta nafasi lakini alama ikabaki vilevile. Tafuta hizi moja baada ya nyingine kwenye maandishi yako:

```
n'g
ng`
ng´
ng‘
ngâ€™
```

Kila utakayoikuta ibadilishe iwe ng’, ile iliyopinda kama tarakimu 9 (kwenye Windows ni Alt+0146, U+2019). Ile iliyonyooka (') nayo siyo kosa, ila chagua moja uitumie kila mahali, maana zikichanganyika kuna programu ambazo ukitafuta yenye hii haikuletei yenye ile, unadhani umemaliza kumbe nusu zimebaki. Na kabla hujaipenda fonti yoyote andika NG’OMBE kwa herufi kubwa uone, kuna fonti za mapambo hazina hiyo alama kabisa zinatoa kiboksi kitupu.

"Chip's" toa ritifaa, ni "chipsi" tu. Kiswahili hakitengenezi wingi kwa ritifaa, na umiliki tunao wa -a: supu ya kuku, duka la nguo. Hivyohivyo ukikuta "m'moja" au "m'nunuzi" andika mmoja, mnunuzi.

Sasa "wakukanga", na hapo kuna makosa mawili kwenye neno moja. La kwanza kihusishi kimegandana na kitenzi, inatakiwa nafasi: wa kukaanga, ya kuchemsha, ya kuchoma. La pili a moja imeliwa, kukaanga kwenye mafuta ni a mbili, kukanga ni kitu kingine, ni kupasha joto kwa kusogeza karibu na moto. Na ukiwa hapo angalia upatanisho kwa kila mstari maana menyu zinakopiwa sana: samaki wa kukaanga, kuku wa kukaanga, lakini nyama ya kukaanga na mayai ya kukaanga. Ukikopi mstari wa nyama ukabadilisha jina tu, utapata "samaki ya kukaanga" na jicho lako halitalistukia kwa sababu umeshalizoea.

Kwenye bango, andika "rejareja", neno moja na r mbili, na uongeze "kwa": "Tunauza kwa jumla na rejareja". Ile TAFADHARI ni TAFADHALI. Watu wanaichanganya na tahadhari, zinafanana katikati halafu zinaachana mwishoni. Ya kuomba inaishia na -li, ya kuonya inaishia na -ri: "Tafadhali lipa kwanza", "Tahadhari, sakafu inateleza". Spelicheka ya Kiswahili kama unayo inaweza kukamata "tafadhari", lakini ukiandika tahadhari mahali pa tafadhali haitasema kitu, neno lipo, basi hiyo isome mwenyewe.

Yote haya yafanye maandishi yakiwa bado maandishi. Ukishayageuza kuwa maumbo kwa ajili ya kukata, ile Create Outlines, huwezi tena kutafuta neno wala kubadilisha herufi. Mtumie mteja orodha ya maneno matupu, yaliyosahihishwa, kabla ya rangi na picha, maana akiona dizaini atazungumzia rangi na hatasoma herufi. Kama bango ni la stika ya kukata, ritifaa ni kipande kidogo kinachong'oka na taka wakati wa kumenya, kwa hiyo mwambie fundi ahesabu zipo ngapi, na fonti iwe nene kidogo. Na neno likiwa refu kuliko mstari usilikate kati ya ng na ritifaa, ng’ inakwenda na irabu inayofuata.

Jina la duka usiliguse bila kumuuliza mwenyewe. Likiwa limesajiliwa kwa herufi unazoziona wewe ni makosa, bango lazima lifuate cheti, masahihisho yako yaishie kwenye maelezo ya chini yake.